Kuandika yaliyokukuta onlaini bila kumwanika mwingine, kuanzia rasimu mpaka komenti

Mtu akitaka kuandika story ya maisha yake onlaini, hofu yake mara nyingi inakuwa kwa watu asiowajua, kwamba watamtukana, watamcheka, wataisambaza. Hao wasiokujua wakishasoma wanapita, kesho wana story nyingine. Wa kuwafikiria ni wanaokutambua: shangazi, jirani, mliyesoma naye sekondari, bosi wa kaka yako. Mgeni anasoma insha, hawa wanasoma nyumba yenu, na mstari mmoja tu unawatosha kujua kitu ambacho mwenyewe alikuwa hajawaambia.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho ili tusiongee hewani. Chukulia dada mmoja wa Tanga anataka kuandika kuhusu kaka yake aliyekuwa anatumia unga na sasa yuko kwenye methadoni, na huyo dada ndo alikuwa anamsindikiza asubuhi. Kwa asiyeijua, methadoni ni dawa ya kunywa inayomsaidia mtu kuachana na unga, kwa kawaida anayeitumia anafika kliniki kila siku anainywa mbele ya mhudumu, na Tanzania bara huduma hii ilianzia Muhimbili mwaka 2011. Familia nyingi za Pwani zimepitia hali hii na wengi wanaimezea, kwa hiyo story ina haki ya kuandikwa. Ila ni story ya watu wawili, na mmoja tu ndo ameshika kalamu.

1. Andika yote kwanza, sehemu ambayo haina kitufe cha kuposti

Daftari, au faili la kawaida kwenye simu. Usiandikie ndani ya Facebook wala ndani ya blogu. Rasimu ya kwanza weka kila kitu, majina, matusi uliyotukanwa, pesa iliyopotea, usiku aliokuwa na arosto anatapika na nyie mmemfungia ndani. Usichuje chochote, kwa sababu ukianza kuchuja mapema hutajua hata hiyo story inahusu nini.

Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 1986, wa mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake, wanafunzi wa chuo waliambiwa waandike dakika 15 kwa siku 4 mfululizo kuhusu jambo zito la maisha yao. Walioandika tukio pamoja na walivyojisikia walipungua kwenda zahanati ya chuo miezi iliyofuata. Ninachotaka ukione hapo ni kwamba hayo maandishi hayakuchapishwa popote. Nafuu ya kuandika unaipata bila msomaji, kwa hiyo ukimaliza rasimu ukasikia kifua kimekuwa chepesi usidhani hiyo ndo dalili ya kuposti, ni dalili kwamba umeandika basi.

Dalili ya kuposti ni nyingine. Isome kwa sauti, alafu jiulize kuna mtu ndani ya hii story ambaye nataka aisome ili ajue alichonifanyia? Kama yupo, hiyo bado ni barua kwa huyo mtu, na ukiiweka hadharani utakaa unasubiri jibu lake kwenye kila komenti, na lisipokuja utaumia, na likija utaumia zaidi. Iache ikae. Kwa mfano wetu, dada akigundua kwamba kurasa mbili nzima zinamsema baba aliyemfukuza kaka, hizo kurasa mbili azikate, zina siku yake na sehemu yake.

2. Pita kila sentensi uulize hii ni ya nani

Hapa ndo kazi yenyewe ilipo. Tuseme kwenye rasimu dada kaandika hivi:

"Kaka yangu alikuwa fundi friji pale Ngamiani. Ramadhani ile, wifi akiwa na mimba ya pili, kaka aliuza cherehani ya mama, wifi akaondoka akarudi kwao Pangani, na kaka alipopelekwa hospitali akakutwa na virusi."

Hakuna jina hata moja hapo, na bado mtu yeyote wa Ngamiani ameshajua. Kitu kimoja kimoja hakimtambulishi mtu, mafundi friji wapo wengi, wenye mimba ya pili wapo wengi, wa kutoka Pangani wapo wengi, ila ukiviweka pamoja vinabaki kwa mtu mmoja tu. Kwa hiyo usihesabu majina, angalia muunganiko. Kazi yake, mtaa wake, msimu, hali ya ndoa yake, kwao mke: ukibakiza viwili bado kuna watu wengi wanaoweza kuwa ndo yeye, ukibakiza vyote umemtaja.

Sasa gawa. Mimba na kuondoka ni mambo ya wifi, yeye hajaandika chochote na hajaulizwa, toa. Majibu ya hospitali ni ya kaka peke yake na yanamgusa wifi na mtoto aliyekuwa tumboni, toa, na hapa sio suala la adabu tu, Kenya ina sheria ya UKIMWI ya mwaka 2006 na Tanzania ya mwaka 2008 na zote zinalinda siri ya hali ya mtu. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 imeweka afya ya mtu kwenye kundi la taarifa nyeti, pamoja na habari za familia, hata majina ya watoto, wazazi na mwenza. Tanzania nayo ina sheria yake ya taarifa binafsi tangu 2022. Sikwambii ukaajiri wakili, nakwambia kwamba ugonjwa wa mtu mwingine ni kitu cha kwanza kutoka kwenye rasimu.

Kinachobaki ni cherehani. Cherehani ni ya mama, na dada ndo aliyerudi nyumbani akakuta haipo, kwa hiyo hilo tukio ni lake, alikuwepo. Basi akae hapo hapo aandike vizuri:

"Ilikuwa Ramadhani, mama ana oda za nguo za sikukuu. Niliingia nikakuta pale cherehani ilipokaa miaka yote zimebaki alama nne za miguu yake kwenye saruji, na uzi mwekundu umeviringika chini ya kiti. Mama hakuuliza kitu. Alikuwa anakunja vitambaa vya watu, kimoja kimoja, anapanga ataanza kumrudishia nani."

Umeona? Imetoka kazi, umetoka mtaa, imetoka mimba, yametoka majibu ya hospitali, na msomaji ameumia zaidi kuliko mwanzo. Ukiona aya imekosa nguvu baada ya kutoa siri ya mtu, ujue ilikuwa inaishi kwa ile siri na wewe ulikuwa hujaandika bado ya kwako.

Kitu kimoja usifanye, usibuni. Kuficha mji ukasema mji wa pwani ni sawa, kuruka jambo ni sawa. Lakini kugeuza kaka awe binamu, au kumpa kazi ambayo hakuwahi kufanya, hapo umemdanganya msomaji ambaye amekuamini kwamba haya yalitokea, na siku moja mtu anayewajua atakuja kusema mbona huyu hana binamu, na hapo hata yale ya kweli hayaaminiki tena. Kama lazima ubadilishe kitu, sema chini kabisa kwa sentensi moja kwamba mambo yanayoweza kumtambulisha mtu yameachwa au yamebadilishwa.

3. Jina lako au jina la kubuni

Ukiweka jina lako kamili alafu ukaandika "kaka yangu mmoja", na kaka unaye mmoja, hujaficha kitu. Hili watu wanalisahau sana, wanabadilisha jina la mhusika na kuacha la kwao juu.

Jina la kubuni linasaidia, ila lina matobo, na matobo yenyewe yako sehemu ambazo mtu haangalii. Kwenye WordPress unaweza kubadilisha jina linaloonekana, pale kwenye Users, Profile, "Display name publicly as", lakini anwani ya ukurasa wa mwandishi inaweza kuendelea kuonyesha jina la kuingilia, namna hii:

```
/author/jina-lako-la-kuingilia/
```

Kwa hiyo fungua akaunti mpya na imeli mpya kabisa, usitumie imeli ile ile uliyoiunganisha na Gravatar, huduma inayoweka picha yako kila inapoiona imeli hiyo, maana picha yako itajitokeza yenyewe pembeni ya jina la kubuni. Picha unazoweka nazo zichunguze, picha iliyopigwa kwa simu inaweza kubeba ndani yake sehemu ilipopigwa. WhatsApp ukituma kama picha ya kawaida hizo taarifa zinaondolewa, ukituma kama Document zinabaki. Na tobo kubwa kuliko yote ni wewe mwenyewe kushea linki kutoka akaunti yako ya kweli na kuandika "someni hii wapendwa".

Hata ukiziba yote hayo, jua kikomo chake. Jina la kubuni linamzuia bosi atakayekutafuta Google miaka mitatu ijayo. Halimzuii wifi, yeye ile cherehani anaijua.

4. Kumuuliza mwenyewe

Usimuulize "naweza kuandika kuhusu wewe?" Hilo swali halijibiki, hajui anakubali nini. Mpe maandishi yenyewe yakiwa yamekamilika, au msomee. Dada wetu anakaa na kaka yake jioni, wakiwa wawili, anamwambia:

"Kaka, nimeandika kuhusu ule mwaka. Nakusomea chote. Sehemu usiyoitaka niambie tu, sikuulizi sababu."

Anasoma. Kaka anakaa kimya, alafu anasema: "Ya cherehani acha, ilitokea. Ila pale uliposema nilikuwa nalia kliniki, toa. Na wifi yako usimguse kabisa."

Basi kinatoka. Kinachohusu mwili wake, dawa zake, machozi yake, ndoa yake, watoto wake, neno la mwisho ni lake. Kinachohusu hasira zako, uchovu wako, aibu uliyoisikia barabarani ukiwa naye, hicho ni chako, akisema hakipendi msikilize lakini hulazimiki kukifuta. Mwambie pia ukweli kwamba ikishatoka inaweza kukaa huko miaka, atakapokuwa anatafuta kazi, wanawe watakapokuwa wanajua kusoma. Alafu mpe siku kadhaa na umuulize tena, kwa sababu ndiyo ya kwanza mara nyingi ni ya kukufurahisha.

Kuna watu ambao ndiyo yao usiitumie hata wakikupa. Mtu ambaye bado anatumia, au yuko katikati ya arosto, au anakutegemea wewe kwa chakula na malazi, hayuko kwenye nafasi ya kukukatalia. Mtoto pia. Subiri. Na mama naye aulizwe, cherehani ilikuwa yake.

5. Siku yenyewe

Kabla hujabonyeza, angalia linki. Blogu nyingi zinatengeneza anwani ya posti kutokana na kichwa cha kwanza ulichoandika, kwa hiyo kama mwanzo uliandika "Kaka yangu na unga" alafu ukabadilisha kichwa baada ya kuposti, anwani inabaki na maneno ya zamani na kila anayeshea anayaonyesha. Facebook nayo inahifadhi kichwa na picha za linki tangu mara ya kwanza iliposhewa, ukirekebisha inabidi uingie kwenye zana yao ya Sharing Debugger, uweke linki, ubonyeze "Scrape Again". Na kama unatumia huduma inayotuma posti kwa imeli, kama Substack, jua kwamba ukishabonyeza imeli imeondoka, ukirekebisha baadae unarekebisha ya kwenye tovuti tu. Jitumie ya majaribio kwanza, uisome kwenye simu.

Posti asubuhi ya siku ambayo huna kazi na kesho yake pia huna. Usiposti usiku alafu ukaingia kitandani na simu. Waliomo kwenye story wajue saa, wasiipate kwa mtu mwingine.

6. Komenti

Setingi zifanye kabla, sio wakati moto umeshawaka. WordPress ingia Settings, Discussion, weka tiki kwenye "Comment must be manually approved", hapo hakuna kinachoonekana mpaka ukiruhusu. Chini kuna "Disallowed Comment Keys", andika humo jina la kaka, jina lake la utani, jina la mtaa, jina la wifi, komenti yenye neno hilo inaenda takataka yenyewe. Hiki ni kitu kidogo sana ila ndo kinga bora utakayoipata, na wengi wanajaza matusi tu humo na kusahau majina. Ila orodha yenyewe usimpe mtu asiyehusika. Kuna pia sehemu ya kufunga komenti zenyewe baada ya siku 14, iwashe.

Alafu tafuta rafiki mmoja mwenye moyo mgumu, ambaye sio ndugu, awe ndo anazisoma kwanza siku mbili tatu za mwanzo. Mpe maelekezo mafupi: anayemtaja mtu, futa. Anayetishia, piga skrinshoti yenye jina la akaunti, tarehe na linki ndo ufute. Wanaohitaji jibu niletee jioni. Wewe zima notifikesheni na uzipitie hizo za jioni ukiwa umeshakula.

Zitakazokuja utazitambua. Za pole na za "mungemwombea" hazihitaji jibu moja moja, andika moja la wote, fupi, weka juu. Za "teja ni teja tu hapony" zifute bila neno, ukimjibu utakuwa unaitetea familia yako mbele ya mtu aliyeamua kabla hajasoma. Akirekebisha mtu jambo la ukweli, kwa mfano umekosea namna methadoni inavyotolewa, mshukuru urekebishe kwenye maandishi.

Kuna aina mbili nataka uzipe uzito. Ya kwanza ni hii: "Huyu si yule fundi wa pale karibu na msikiti?" Haina tusi, pengine ameandika kwa mapenzi, na ndo komenti ya hatari kuliko zote kwa sababu inarudisha yote uliyoyatoa kwenye hatua ya pili. Ifute ndani ya dakika, na ukiwa Facebook usitumie kuficha, komenti iliyofichwa bado inaonekana kwa aliyeiandika na marafiki zake, ambao ndo hao hao wa mtaani. Futa kabisa, alafu mfuate inboksi kwa heshima: "Habari za siku, nimeitoa komenti yako, sio kwa ubaya, kuna watu ndani ya hii story ambao hawajataka kutajwa, naomba unisaidie." Wengi wanaelewa. Usikanushe hadharani kwamba sio yeye, ukikanusha umewapa watu cha kuendelea nacho.

Ya pili inakuja inboksi usiku: "dada na mimi natumia, nisaidie" au mama anaeleza ya mwanae kurasa tatu. Hii itakuchosha kuliko matusi. Andaa jibu mapema, ukiwa umetulia, lenye mambo mawili tu, kwamba umemsoma, na kwamba aende hospitali ya serikali iliyo karibu naye aulize huduma ya methadoni ilipo. Usitoe ushauri wa dozi, usiahidi kumpigia kila siku. Wewe umeandika yaliyowakuta, hujafungua kliniki.

Linki itaingia pia kwenye grupu la ukoo, hilo halikwepeki. Humo usijibu kitu. Mpigie simu aliye mkubwa kuliko wote kabla hajapiga yeye: "Shikamoo mjomba. Najua umeiona. Mwenyewe nilimsomea akakubali, na mama pia." Ukishamwambia mkubwa, kwenye grupu watamsikiliza yeye.

Na jiangalie. Ukijikuta unarudia kusoma komenti ile ile moja, au uko jikoni unatunga majibu kichwani, au umefungua simu saa nane usiku kuangalia, funga komenti siku hiyo hiyo. Posti itabaki, mazungumzo tu ndo yanafungwa, na huna haja ya kumweleza mtu kwa nini.

7. Akibadilisha mawazo

Inatokea. Kaka anapata kazi, au anaoa tena, anakuja anasema "naomba uitoe". Mlikubaliana, sawa, ila itoe. Ifute kwenye tovuti kwanza, kisha futa kila sehemu uliyoishea wewe, kisha waandikie walioinakili. Google inaweza kuendelea kuonyesha kichwa na mistari miwili mitatu kwa muda hata ukurasa ukiwa haupo, ingia kwenye zana yao ya "Refresh Outdated Content" uweke linki waipitie upya. Angalia archive.org kama walihifadhi nakala, ikiwepo waandikie info@archive.org ukiwaeleza kwamba ukurasa ni wako na unaomba uondolewe. Skrinshoti za watu na imeli zilizokwisha kutumwa huwezi kuzirudisha, na hilo mwambie kaka waziwazi asije akadhani imefutika kabisa.

Usiposti tangazo kwamba umeifuta, kwa sababu tangazo hilo ndo litakalowafanya watu waitafute. Akiuliza mtu, mwambie haipo tena, na ile rasimu ya kwanza yenye kila kitu iache kwenye daftari lako.